Alama Iliyo Mbele ya Namba: Jinsi Lenzi na Vioo Vinavyounda Taswira

Karatasi ambayo mtu hutoka nayo kwenye chumba cha kupimia macho huwa na maandishi machache. Kuna jicho la kulia, kuna la kushoto, na mbele ya kila moja kuna namba, kwa mfano −2.00 au +1.50. Wengi huikunja, wakaitia mfukoni na kwenda kuchagua fremu, bila kuuliza ile alama iliyotangulia namba ina kazi gani. Kazi yake ni kubwa. Mtu aliyeandikiwa −2.00 akitengenezewa kwa bahati mbaya miwani ya +2.00, kila kitu kilicho mbali zaidi ya sentimeta 25 kutoka usoni kwake kitafunikwa na ukungu, hata mlango wa chumba alichomo.

Namba hiyo na alama yake zinatokana na hesabu fupi inayofundishwa katika fizikia ya sekondari. Hesabu hiyo inaeleza kwamba mwanga ukipita kwenye lenzi, au ukipiga kioo na kurudi, taswira itatokea wapi, itakuwa na ukubwa gani, na itasimama wima au itapinduka. Wanafunzi wengi huikariri kisha wakaikosea, na mara nyingi kosa lenyewe halipo kwenye kugawanya wala kuzidisha. Lipo kwenye alama za kujumlisha na kutoa. Lakini alama hizo si amri za kukaririwa tu. Kila moja inasimulia jambo linaloweza kuchorwa kwa rula na kuonekana kwa macho.

Nukta moja, miale isiyohesabika

Kitu chochote kinachoangazwa, tuseme jani la mwembe, hurusha mwanga pande zote kutoka katika kila nukta yake. Wazo hili lilielezwa kwa kina na Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo mwanzoni mwa karne ya 11. Alionyesha kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni, wala si kwa sababu macho hutoa miale ya kwenda kuvigusa vitu. Mwaka 1604 Johannes Kepler aliongeza sehemu iliyokuwa imebaki. Alieleza kwamba miale yote inayotoka kwenye nukta moja na kutawanyika juu ya jicho hupindwa na jicho hilo na kukutanishwa tena kwenye nukta moja ya retina, na kwamba picha inayojichora huko nyuma ya jicho imepinduka juu chini.

Hiyo ndiyo maana ya taswira. Miale iliyotengana baada ya kutoka kwenye nukta moja ya kitu inakutana tena kwenye nukta moja mahali pengine. Kila nukta ya jani ikipata nukta yake, jani zima linajichora.

Mtu yeyote mwenye lenzi ya kukuzia maandishi anaweza kulishuhudia jambo hili mchana. Asimame kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, aielekeze lenzi dirishani, kisha aisogeze taratibu mbele na nyuma ya ukuta. Mahali fulani doa la mwanga litageuka kuwa picha kamili ya nje: miti, mapaa na mawingu, vyote vikiwa vidogo, vina rangi zake, na vimepinduka. Umbali kutoka kwenye lenzi hadi ukutani, picha ikiwa imetulia, unakaribia sana kuwa umbali wa fokasi wa lenzi hiyo. Fokasi ni nukta ambapo miale inayokuja sambamba, kama ile ya vitu vya mbali sana, hukutana baada ya kupita kwenye lenzi.

Ukubwa wa kosa la njia hii ni mdogo mno. Lenzi yenye umbali wa fokasi wa sentimeta 10 ikielekezwa kwenye mti ulio mita 20, taswira hutua sentimeta 10.05 nyuma ya lenzi. Tofauti ni nusu milimita, ambayo rula ya kawaida haiwezi kuigundua mkononi.

Jaribio hilohilo linafichua dhana potofu iliyo ya kawaida. Ukimwuliza mtu nini kitatokea nusu ya lenzi ikizibwa kwa kadibodi, wengi hujibu kwamba nusu ya picha itapotea. Haipotei. Picha inabaki nzima, ila inafifia. Kila nukta ya mti ilikuwa imetuma miale kwenye lenzi yote, na miale iliyopita kwenye nusu iliyo wazi inatosha kukutana palepale ilipokuwa ikikutana mwanzo. Kilichopungua ni kiasi cha mwanga.

Kuchora kwa miale miwili

Kwa kuwa miale yote ya nukta moja hukutana mahali pamoja, hakuna haja ya kuichora yote. Miwili inatosha kuonyesha mahali hapo, na wa tatu hutumika kuhakikisha. Mchoro wa miale haudai kwamba mwanga unapita kwenye njia hizo tatu pekee. Unachagua tu ile miale ambayo mwenendo wake unajulikana bila hesabu.

Tuchukue lenzi mbinuko, ile iliyonenepa katikati, yenye umbali wa fokasi wa sentimeta 10. Kwenye karatasi ya grafu chora mstari mrefu wa kulala. Huo ndio mhimili mkuu. Katikati yake simamisha mstari wa wima kuwakilisha lenzi. Tia alama ya fokasi sentimeta 10 upande wa kushoto na nyingine sentimeta 10 upande wa kulia. Kisha weka mshale wenye urefu wa sentimeta 4 ukiwa umesimama juu ya mhimili, sentimeta 30 kushoto kwa lenzi. Karatasi ikiwa ndogo, kila sentimeta 5 za mhimili zichorwe kama sentimeta 1, mradi kipimo kisibadilike njiani. Urefu wa mshale unaweza kuwa na kipimo chake tofauti.

Kutoka kwenye ncha ya mshale, mwale wa kwanza uende sambamba na mhimili hadi kwenye lenzi. Ukivuka, unapinda na kupita kwenye fokasi ya upande wa kulia. Mwale wa pili upite katikati kabisa ya lenzi, nao unaendelea moja kwa moja bila kupinda, kwa sababu pale katikati nyuso mbili za lenzi karibu ziko sambamba. Mwale wa tatu upite kwenye fokasi ya kushoto kwanza, na ukivuka lenzi utoke sambamba na mhimili.

Miale hiyo mitatu inakutana chini ya mhimili, sentimeta 15 kulia kwa lenzi. Hapo ndipo ncha ya mshale inapojichora. Mshale wa taswira una urefu wa sentimeta 2, umepinduka, na mtu akiweka karatasi nyeupe mahali hapo ataiona picha juu yake. Taswira inayoweza kupokelewa kwenye karatasi au ukutani huitwa taswira halisi, kwa sababu mwanga wenyewe umefika pale.

Rula ikionyesha kwamba miale mitatu haikutani, kuna kosa la uchoraji. Kosa linalotokea sana ni mwale wa kwanza kupindishwa kabla ya kufika kwenye mstari wa lenzi, au fokasi mbili kuwekwa kwa umbali usiolingana.

Alama ya kutoa inapojitokeza

Mchoro una ndugu yake wa hesabu. Umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi huandikwa u, wa taswira v, na umbali wa fokasi f:

1/f = 1/u + 1/v

Kwa mfano wetu, 1/10 ukitoa 1/30 unabaki na 2/30, yaani 1/15, hivyo v ni sentimeta 15 kama mchoro ulivyosema. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa v kwa u: 15 kwa 30 ni nusu, ndiyo maana mshale wa sentimeta 4 ulitoa taswira ya sentimeta 2.

Sasa tuusogeze mshale hadi sentimeta 6 kutoka kwenye lenzi, yaani ndani ya umbali wa fokasi. Hivi ndivyo lenzi ya kukuzia inavyotumika juu ya gazeti. Kwenye mchoro, mwale wa kwanza unapita tena kwenye fokasi ya kulia, na wa pili unanyooka katikati, lakini safari hii miale hiyo haikutani kulia. Inazidi kuachana. Lenzi imejitahidi kuikusanya, lakini kitu kiko karibu mno na miale imefika ikiwa imetawanyika kuliko uwezo wake.

Jicho lililo upande wa kulia halijui kwamba kulikuwa na lenzi. Linapokea miale inayoachana na kuichukulia kwamba imetoka kwenye nukta moja iliyo nyuma. Ili kuipata nukta hiyo, mchoraji anairudisha miale nyuma kwa mistari ya vipande vipande hadi ikutane. Inakutana upande uleule wa mshale, sentimeta 15 kushoto kwa lenzi, juu ya mhimili.

Hesabu inasema vivyo hivyo. 1/10 ukitoa 1/6 unapata −1/15, hivyo v ni −15. Alama ya kutoa imejitokeza yenyewe, na maana yake ni hiyo mistari ya vipande vipande: mwanga haujafika mahali hapo, ila jicho linaona kana kwamba umetokea hapo. Taswira ya namna hii si halisi. Karatasi ikiwekwa sentimeta 15 kushoto haitapokea picha yoyote. Ukuzaji ni 15 kwa 6, yaani mara 2.5, na herufi zinaonekana zimesimama wima.

Hapo ndipo kanuni ya alama ilipo, katika sentensi moja: umbali wa kitu au taswira iliyo halisi ni chanya, na umbali wa taswira isiyo halisi ni hasi. Umbali wa fokasi nao unafuata mkondo huo. Lenzi inayokusanya miale kwenye fokasi halisi ina f chanya. Lenzi mbonyeo, iliyokonda katikati, huitawanya miale ikawa kana kwamba imetoka kwenye fokasi iliyo nyuma, hivyo f yake ni hasi.

Vitabu viwili, alama mbili

Mwanafunzi anayesoma kwenye vitabu viwili tofauti anaweza kukuta alama zisizopatana, akadhani kimojawapo kimekosea. Kuna kanuni nyingine, inayotumika kwa mfano katika vitabu vya NCERT vya India, ambayo haiulizi kama taswira ni halisi au la. Inauliza iko upande gani. Lenzi au kioo huwekwa kwenye sifuri, kama mhimili wa grafu. Mwanga huchorwa ukitoka kushoto kwenda kulia. Umbali wowote unaopimwa kuelekea kulia ni chanya, na unaopimwa kuelekea kushoto ni hasi.

Kwa kanuni hii, mshale wetu wa kwanza una u ya −30, kwa sababu uko kushoto, na hesabu ya lenzi inabadilika sura:

1/v − 1/u = 1/f

Ukiweka namba, 1/v ni 1/10 ukijumlisha −1/30, yaani 1/15. Taswira iko +15, kulia kwa lenzi. Jibu ni lilelile na mahali ni palepale. Kilichobadilika ni lugha ya kupaeleza.

Maafa hutokea mtu anapochukua hesabu ya kanuni moja na alama za kanuni nyingine. Akitumia 1/f = 1/u + 1/v lakini akaweka u ya −30, atapata 1/v ya 4/30, yaani v ya sentimeta 7.5. Namba hiyo inaonekana ya kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo. Lakini mchoro unaikataa mara moja: lenzi hii huikutanisha miale sambamba kwenye sentimeta 10, kwa hiyo miale iliyofika ikiwa imeanza kutawanyika haiwezi kukutana mapema zaidi ya hapo. Taswira halisi ya kitu halisi kupitia lenzi moja haiwezi kuwa karibu kuliko fokasi. Mchoro wa haraka, hata usio na vipimo, unatosha kulinasa kosa hilo.

Kosa jingine ni kuwekea alama kitu kinachotafutwa. Mtu huhisi kwamba taswira haitakuwa halisi, akaandika −v kwenye hesabu, kisha jibu likatoka na alama yake, na alama mbili zikafutana. Kinachojulikana huwekwa na alama yake, na kisichojulikana huachwa kitupu. Alama yake italetwa na hesabu.

Gari lililo karibu kuliko linavyoonekana

Vioo hutumia hesabu ileile ya kwanza. Tofauti ni kwamba mwanga haupiti, bali hurudi, hivyo taswira halisi hutokea mbele ya kioo, na isiyo halisi hutokea nyuma yake mahali ambapo mwanga haufiki kamwe. Kioo kilichotobwa kutoka kwenye tufe lenye nusukipenyo R kina fokasi kwenye nusu ya umbali huo: f ni R gawa kwa 2. Kioo mbonyeo, kama cha kunyolea ndevu, hukusanya miale, na f yake ni chanya. Kioo mbinuko hutawanya, na f yake ni hasi.

Kioo mbinuko kinachotazamwa kila siku barabarani ni kile cha pembeni mwa gari, ambacho madereva wengi hukiita saiti mira. Nchini Marekani kioo hicho cha upande wa abiria hulazimika kuandikwa onyo kwamba vitu vilivyomo viko karibu kuliko vinavyoonekana. Onyo hilo linaweza kukokotolewa.

Tuseme kioo kimetobwa kwa nusukipenyo cha mita 1.2, hivyo f ni −0.6. Nyuma yake, mita 12, kuna gari lenye kimo cha mita 1.5. 1/v ni −1/0.6 ukitoa 1/12, ambayo ni −21/12. Kwa hiyo v ni takriban −0.57 ya mita. Alama ya kutoa inasema taswira iko nyuma ya kioo, na namba inasema iko sentimeta 57 tu. Ukuzaji ni 0.57 kwa 12, karibu 1/21, hivyo gari la mita 1.5 limekuwa taswira ya sentimeta 7, iliyosimama wima.

Msomaji makini atashangaa. Taswira iko sentimeta 57 nyuma ya kioo, karibu mno, kumbe onyo linasema dereva ataliona gari likiwa mbali kuliko lilivyo. Kitendawili hiki kinateguka tukikumbuka kwamba dereva hakadirii umbali wa gari kwa kupima taswira ilipo. Anajua gari lina ukubwa gani, na anakadiria umbali kutokana na nafasi linayochukua machoni mwake. Jicho lake likiwa sentimeta 65 kutoka kwenye kioo, taswira ya sentimeta 7 iko mita 1.22 mbele ya jicho hilo. Kwenye kioo bapa, gari lenye kimo kilekile lingeonekana dogo kiasi hicho kama lingekuwa takriban mita 25 nyuma. Gari lililo mita 12 linasomwa kama gari la mita 25, na dereva anayehama njia kwa kulitegemea hilo anadhani ana nafasi mara mbili ya aliyonayo.

Mbona basi kioo cha namna hiyo hakitupwi? Kwa sababu kule kupunguza ukubwa ndiko kunakoingiza eneo pana zaidi la barabara ndani ya kioo kidogo, na pikipiki ambayo kioo bapa kingeikosa kabisa inaonekana, japo ndogo. Kioo cha ndani ya gari, kilichowekwa juu ya dashibodi, kwa kawaida ni bapa, na kwenye kioo bapa taswira iko nyuma umbali uleule wa kitu na kwa ukubwa uleule. Dereva akitazama gari moja kwenye vioo vyote viwili ataiona tofauti hiyo kwa macho yake.

Mahali hesabu inapochoka

Hesabu hii ni sahihi kwa miale inayosafiri karibu na mhimili na kwa lenzi iliyo nyembamba. Kwenye kioo kipana kilichokatwa kama kipande cha tufe, miale inayopiga ukingoni hukutana karibu zaidi na kioo kuliko ile inayopiga katikati. Nukta moja ya kitu haipati tena nukta moja ya taswira, inapata doa. Dalili yake ni picha ambayo haikubali kutulia popote karatasi inaposogezwa. Dawa rahisi ni kuziba kingo: picha inafifia lakini inakuwa kali. Dawa ya kudumu ni kuchonga kioo kwa umbo jingine, kama wafanyavyo watengenezaji wa darubini.

Umbo hilo halina msamaha. Darubini ya Hubble iliporushwa angani mwaka 1990, kioo chake kikuu chenye upana wa mita 2.4 kilikuwa kimesawazishwa kupita kiasi ukingoni kwa takriban milimita 0.0022. Kiasi hicho kilitosha kuzuia miale ya ukingoni isikutane na ya katikati, na picha za nyota zikatoka zimezungukwa na ukungu. Desemba 1993 wanaanga waliifikia na kuifunga vifaa vyenye vioo vidogo vilivyochongwa kwa kosa la kinyume, ili makosa mawili yafutane.

Kurudi kwa fundi wa miwani

Wapima macho hawaandiki umbali wa fokasi wenyewe. Wanaandika nguvu ya lenzi, ambayo ni 1 gawa kwa umbali wa fokasi ukiwa katika mita, na kipimo chake huitwa daiopta. Lenzi ya sentimeta 10 iliyotumika hapo juu ina daiopta +10. Faida ya kipimo hiki ni kwamba lenzi mbili nyembamba zikigusana, nguvu zao hujumlishwa tu, pamoja na alama zake.

Chukua mtu ambaye jicho lake likiwa limetulia huona vizuri hadi sentimeta 50, na baada ya hapo kila kitu kina ukungu. Jicho lake linakusanya miale kupita kiasi, na taswira ya vitu vya mbali inatua kabla ya retina. Anahitaji lenzi itakayochukua kitu cha mbali kabisa na kuweka taswira yake sentimeta 50 mbele ya jicho, mahali anapoweza kuona. Taswira hiyo itakuwa upande uleule wa kitu, haitakuwa halisi, hivyo v ni −0.5 ya mita. Kitu kiko mbali sana kiasi kwamba 1/u ni sawa na sifuri. Inabaki 1/f = 1/−0.5, yaani −2. Ndiyo ile −2.00 ya kwenye karatasi.

Mwingine ana miaka 50. Anaona mbali vizuri, lakini lenzi ya ndani ya jicho imekuwa ngumu, na hawezi kusoma kitu kilicho karibu kuliko mita 1. Anataka kushika gazeti kwa sentimeta 40. Lenzi yake inapaswa kuchukua kitu kilicho mita 0.4 na kuweka taswira mita 1 mbele ya jicho, upande uleule, kwa hiyo v ni −1. 1/0.4 ni 2.5, ukitoa 1 unabaki na 1.5. Karatasi yake itaandikwa +1.50.

Asiyekuwa na karatasi anaweza kuitambua alama ya miwani yake bila kipimo chochote. Aishike mbali kidogo na uso, atazame kitu cha mbali kupitia lenzi moja, kisha aisogeze kulia na kushoto. Picha ikisogea upande uleule wa mkono, lenzi ni ya kutoa. Ikikimbilia upande wa pili, ni ya kujumlisha.

Mtu anaweza kuwa na matatizo yote mawili. Yule wa −2.00 akifika miaka 50, naye lenzi ya jicho lake itakuwa imekauka kama ya wenzake. Kwa mbali bado anahitaji −2.00. Kwa kusoma huongezewa, tuseme, +1.50. Fundi hujumlisha na kuchonga sehemu ya chini ya lenzi kwa −0.50, ambayo ni karibu kioo kitupu. Ndiyo sababu wazee wengi waliovaa miwani ya kuona mbali tangu ujana huivua wanapotaka kusoma. Mzee huyu akiwa bila miwani, jicho lake limeshabeba daiopta 2 za ziada ambazo ujanani zilikuwa kasoro. Akiongeza daiopta 1 ambayo lenzi ya jicho lake bado inaweza kuitoa, anasoma gazeti kuanzia sentimeta 33 hadi sentimeta 50, wakati jirani yake aliyekuwa akiona mbali vizuri maisha yake yote anatafuta miwani ya +1.50 mezani.